Kugawana mafuta ya gari na wenzako wa kazini: hesabu ya vipande vya safari

Tulikuwa wanne katika gari moja, kila asubuhi tukitoka upande wa Kibaha kwenda Posta, Dar es Salaam, kwa Barabara ya Morogoro. Gari ni langu na ninaanzia Maili Moja, Kibaha. Mhasibu wetu alipandia Mbezi Mwisho, mwenzetu wa stoo alipandia Kimara, na karani alipandia Ubungo. Kwa miezi miwili ya kwanza tulichukua gharama ya mafuta tukaigawa kwa nne, na hakuna aliyelalamika. Kisha karani akaanza kutuma ujumbe kwamba asubuhi ile amewahi mwendokasi, mara moja kwa wiki, baadaye mara tatu. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole: "Kaka, mimi napandia Ubungo. Hela ninayotoa inalipia mafuta ya Kibaha ambako sijawahi kukanyaga."

Nilipokaa na daftari jioni ile nikaona kwamba alikuwa sahihi kuliko alivyodhani mwenyewe. Kiasi alichokuwa akilipa kwa safari moja kilizidi gharama ya mafuta yote yaliyoungua kutoka Ubungo hadi Posta, maana yake ni kwamba angeweza kuninunulia mafuta ya kipande chake chote peke yake, sisi watatu tukapanda bure, na bado angebaki na chenji. Mwongozo huu unaeleza hesabu tuliyoihamia baada ya hapo, hatua kwa hatua, pamoja na mambo yaliyotusumbua wakati wa kuitumia.

Hatua ya kwanza: pima gari linakula kiasi gani kwenye njia yenu

Hesabu yote inasimama juu ya namba moja, nayo ni kilomita ambazo gari linakwenda kwa lita moja. Namba hiyo haipatikani kwa muuza magari, wala kwenye kibandiko cha Kijapani kilichobaki kwenye kioo cha nyuma. Vipimo vya Japani vinavyoitwa 10-15 na JC08 hufanywa gari likiwa juu ya mashine ndani ya maabara, bila foleni ya Kimara na bila kiyoyozi kuwashwa muda wote. Gari lililoandikiwa kilomita 16 kwa lita linaweza kukupa 10 kwenye barabara yako, na tofauti hiyo isipojulikana mapema mwenye gari ataibeba peke yake kila siku.

Njia inayoaminika ni ya tangi hadi tangi. Nenda kituo cha mafuta, mwambie mhudumu ajaze mpaka pampu ikate yenyewe, na akishasikia imekata asiongeze hata tone moja. Watu wengi huharibu kipimo hapa, kwa sababu mhudumu hupenda kuendelea kubonyeza ili bei ifikie namba isiyo na chenji, na mafuta hayo ya nyongeza hayalingani kati ya ujazo mmoja na mwingine. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri kabla hujaondoka. Endesha kama kawaida kwa wiki moja ya kazi, kwenye njia ileile na watu walewale, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena mpaka ikate. Lita zilizoingia mara hii ndizo zilizotumika. Gawa kilomita za mita kwa lita hizo.

Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa wiki ya mvua na wiki ya likizo za shule hazifanani kwa foleni. Sisi tulipima wiki tatu. Ya kwanza ilikuwa kilomita 392 kwa lita 38.4, ya pili 401 kwa lita 41.1, na ya tatu 388 kwa lita 38.7. Jumlisha kilomita zote, ukapata 1,181, na lita zote, ukapata 118.2, kisha ugawe jumla kwa jumla. Kwetu ilitoka 9.99, tukaiandika 10. Kama gari linatumia gesi asilia, kama yalivyo mengi sasa jijini, utaratibu ni uleule, ila utaandika kilomita kwa kilo badala ya kwa lita, kwa sababu gesi huuzwa kwa kilo.

Kipimo hiki kifanywe mbele ya abiria angalau mmoja. Kwetu mhasibu ndiye aliyesimama karibu na pampu akiwa na daftari lake, akasoma namba ya pampu na namba ya mita, akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza kama gari langu kweli linakula hivyo.

Hatua ya pili: pata shilingi za kila kilomita

Chukua bei ya lita na uigawe kwa kilomita za lita moja. Kwa hesabu nyepesi, katika mfano huu nitatumia shilingi 3,000 kwa lita. Shilingi 3,000 ukizigawa kwa kilomita 10 unapata shilingi 300 kwa kila kilomita.

Bei ya petroli haibadiliki kila siku. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo inatosha kuhesabu upya mara moja kwa mwezi. (Walioko Kenya wafuate tangazo la EPRA la tarehe 14, ambalo huanza kutumika tarehe 15.) Tumieni bei iliyo kwenye risiti yenu wala si ile ya gazetini, kwa kuwa bei kikomo ni dari tu na vituo vingine huuza chini yake, na Kibaha na katikati ya jiji si lazima zilingane. Usijisumbue na mafuta yaliyobaki kwenye tangi yaliyonunuliwa kwa bei ya mwezi uliopita. Mwezi mmoja yatakuumiza kidogo, mwezi mwingine yatakufaa kidogo.

Hatua ya tatu: kata njia vipande

Hapa ndipo haki yenyewe ilipo. Safari nzima isihesabiwe kama kitu kimoja. Ikateni kila mahali mtu anapopanda au kushuka, na gharama ya kila kipande igawanywe sawa kwa watu waliokuwamo garini kwenye kipande hicho tu, dereva akiwa mmoja wao.

Njia yetu kwa mita ya gari, tukikata desimali, ilikuwa hivi: Maili Moja hadi Mbezi Mwisho kilomita 16, Mbezi hadi Kimara 6, Kimara hadi Ubungo 7, na Ubungo hadi Posta 9. Jumla ni kilomita 38, ambazo kwa shilingi 300 zinakuwa shilingi 11,400 kwa safari moja.

| Kipande | Gharama | Waliomo | Kila mmoja |
|---|---|---|---|
| Maili Moja – Mbezi | 4,800 | 1 | 4,800 |
| Mbezi – Kimara | 1,800 | 2 | 900 |
| Kimara – Ubungo | 2,100 | 3 | 700 |
| Ubungo – Posta | 2,700 | 4 | 675 |

Kisha kila mtu anajumlisha vipande alivyokuwamo. Karani ana kimoja, hivyo analipa 675. Mwenzetu wa stoo ana viwili, 700 na 675, yaani 1,375. Mhasibu ana vitatu, 2,275. Mimi ninavyo vyote vinne, 7,075. Ukijumlisha unarudi kwenye 11,400, na jumla hiyo lazima irudi kila mara. Isiporudi, kuna mtu amehesabiwa mara mbili au amesahauliwa.

Linganisha na utaratibu wetu wa zamani. Kila mmoja alilipa 2,850, na gharama yote ya kipande cha Ubungo hadi Posta ni 2,700. Ndiyo maana nasema karani alikuwa akitoa zaidi ya mafuta ya kipande chake chote.

Anayependa kutumia lahajedwali anaweza kuweka fomyula moja kwa kila mtu. Ya mhasibu inakuwa hivi, ambapo B1 ni shilingi za kilomita moja:

```
=6*B1/2+7*B1/3+9*B1/4
```

Mwanzo wa mwezi unabadilisha B1 peke yake, na michango yote inabadilika.

Kwa nini tusigawe kwa kilomita za mtu

Wengi wakiambiwa wagawe kwa umbali hufanya hivi: hujumlisha kilomita za watu wote, kwetu 38, 22, 16 na 9, ambazo ni 85, kisha hugawa 11,400 kwa 85 na kumtoza kila mtu kwa kilomita zake. Karani angelipa kama 1,207, mhasibu kama 2,951, na mimi 5,096.

Inaonekana ni haki kwa kuwa kila kilomita ina bei moja kwa wote, lakini angalia kilichotokea. Mchango wangu umeshuka kwa karibu shilingi elfu mbili, na shilingi hizo zimetoka mifukoni mwa watu ambao hawakuwamo garini kati ya Maili Moja na Mbezi. Kile kipande cha kilomita 16 nilichoendesha peke yangu kimepunguzwa bei kwa kuwatoza wengine zaidi kwenye vipande walivyojazana. Mimi niliyechagua kuishi Kibaha ndiye ninayepaswa kukilipia kipande hicho, kwa sababu ningekiendesha hata kama wao wasingekuwapo.

Nakubali kwamba kuna mahali ambapo kugawa kwa kilomita za mtu kunafaa: pale ambapo gari ni la pamoja, au limenunuliwa kwa ajili ya kikundi, na hakuna ambaye njia ni yake kuliko wenzake. Kwa gari la mtu binafsi anayekwenda kazini kwake, vipande ndivyo vinavyosema ukweli.

Mchepuko

Mhasibu haishi kandokando ya barabara kuu. Msimu wa mvua aliniomba nimfuate hadi karibu na nyumbani kwake, kilomita moja na nusu ndani, ambayo kwenda na kurudi barabarani ni kilomita tatu. Kilomita hizo tatu ni shilingi 900 kwa safari, na anazilipa yeye peke yake juu ya 2,275 zake, kwa kuwa wala mimi wala waliopandia mbele hatukuzihitaji. Akiona ni nyingi atatembea hadi kituoni, na uamuzi ni wake. Mchepuko ukiwafaa wawili, wanagawana wawili.

Tofautisha mchepuko wa mtu na mchepuko wa foleni. Siku nilipoamua mwenyewe kuzunguka kwa njia ya Goba kukwepa ajali iliyofunga barabara, kilomita zilizoongezeka zilikuwa za wote waliokuwamo garini wakati huo, na siku nyingi za namna hiyo hatuziandiki kabisa, kwa sababu kipimo cha wiki tatu kimeshabeba usumbufu wa kawaida wa njia.

Asiyekuja

Hili ndilo linalovunja vikundi vingi kuliko bei yenyewe. Siku ambayo mwenzetu wa stoo hayupo, Kimara hadi Ubungo inagawanywa kwa wawili, na Ubungo hadi Posta kwa watatu. Karani anapanda kutoka 675 hadi 900, mhasibu kutoka 2,275 hadi 2,850, na mimi hadi 7,650. Gari limeungua mafuta yaleyale, ila wa kuyalipia wamepungua.

Nani abebe ongezeko hilo? Sheria yetu ni kwamba anayetoa taarifa kabla ya saa mbili usiku halipi kesho yake, na waliobaki wanagawana upya. Asiyetoa taarifa analipa kama aliyepanda, kwa sababu wenzake walikuja wakijua yupo na gari lilisimama kituoni kwake likimsubiri. Likizo, ugonjwa na safari za kikazi zinaingia kwenye kundi la waliotoa taarifa. Tulijaribu pia utaratibu wa kiti cha kudumu, ambapo mtu analipa mwezi mzima awepo asiwepo. Unarahisisha daftari sana, lakini mwenzetu wa stoo hufanya kazi za zamu, na kwa mtu kama huyo utaratibu huo ni adhabu.

Asubuhi na jioni zihesabiwe mbalimbali. Anayekuja nasi na kurudi kwa basi amepanda safari moja, na aandikwe moja. Daftari letu lina mistari miwili kwa siku, na kila mstari una alama ya kila aliyepanda. Karani ndiye anayeliandika, kwa kuwa ndiye anayepanda wa mwisho asubuhi na anawakuta wote wamekwisha kaa.

Gari likibadilika

Gari langu lilipolala gereji kwa wiki nzima nilikuja na pikapu ya nyumbani, ambayo hupata kilomita 7 tu kwa lita. Shilingi za kilomita moja zilipanda kutoka 300 hadi karibu 429, na mchango wa mhasibu ungetoka 2,275 hadi 3,250. Nilitaka kuwatoza hivyo, kwa kuwa mafuta yale niliyanunua kweli. Mhasibu alinionyesha jambo ambalo sikuliona: kila mmoja wao alikuwa na njia nyingine ya kufika kazini, na alikubali kujiunga kwa bei ya gari lile dogo. Kubadilisha gari lilikuwa hitaji langu.

Tukaandika kwamba abiria hulipa kwa kiwango cha gari la kawaida, na mwenye gari anayeleta linalokula zaidi hubeba tofauti. Likiletwa linalokula kidogo, kiwango kinashuka kwa wote. Pale kikundi chenyewe kinapoomba gari kubwa, kwa mfano siku ya kubeba vifaa vya ofisi, wote wanalipa kwa ulaji wa gari hilo.

Ulaji wa gari lilelile nao hubadilika, na mwenye gari hapaswi kuuhamishia kwa wenzake bila kuuchunguza. Pimeni upya kila baada ya miezi mitatu. Kushuka kutoka 10 hadi 9.7 ni hali ya barabara. Kushuka hadi 8.5 ni dalili ya ubovu: matairi yenye upepo mdogo, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, plagi zilizochoka, au breki inayoshika bila kukanyagwa, ambayo utaitambua kwa rimu moja kuwa ya moto kuliko nyingine baada ya safari. Mpaka gari litengenezwe, kiwango cha zamani kinabaki. Lakini kabla ya kulaumu injini, uliza kama matairi yamebadilishwa ukubwa, kwa sababu tairi refu kuliko la awali huifanya mita isome kilomita pungufu, na gari litaonekana linakula zaidi ilhali halijabadilika. Linganisha mita na ramani ya simu kwenye kipande kirefu kilichonyooka na utajua mara moja.

Mpaka wa mchango

Tunagawana mafuta na ada ya maegesho ya mjini, basi. Maegesho tunayagawa sawa kwa wanne kwa kuwa wote tunafika nayo mwisho wa safari. Oili, matairi na matengenezo ni vyangu, kwa sababu gari linabaki kwangu Jumamosi na Jumapili.

Ipo sababu nyingine ya kutovuka mpaka huo. Michango ya abiria ikizidi gharama, mwenye gari ameanza kufanya biashara ya kubeba abiria, ambayo inahitaji leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi kwa kawaida haimlindi anayebeba watu kwa malipo. Soma mkataba wako wa bima, sehemu ya matumizi ya gari, kabla hujapokea shilingi ya kwanza. Hesabu ya vipande haiwezi kufanya michango ya mafuta izidi gharama yake, kwa kuwa dereva yumo katika kila mgawanyo na hulipa sehemu kubwa kuliko yeyote.

Kukusanya

Tunafunga daftari kila Ijumaa jioni na kila mmoja hutuma kwa simu kiasi chake kabla ya Jumatatu, akiongeza gharama ya kutuma. Kiasi cha wiki kinakadiriwa kwenye 50 iliyo karibu, wala hatukadirii hivyo kila safari, kwa kuwa shilingi 25 mara kumi kwa wiki ni 250. Kwa mwezi wa siku 20 za kazi ambazo hakuna aliyekosa, yaani safari 40, karani hutoa 27,000, mwenzetu wa stoo 55,000, mhasibu 91,000, nami hubaki na 283,000 kati ya mafuta yote ya 456,000. Kabla ya kuwapakia wenzangu, zote 456,000 zilikuwa zangu.

Mwezi uliopita mtu wa tano aliomba kujiunga, anapandia Kimara, na alitaka kujua kabla hajakubali atalipa kiasi gani. Ilichukua dakika tano. Mbezi hadi Kimara haikuguswa. Kimara hadi Ubungo ikagawanywa kwa wanne, ikawa 525, na Ubungo hadi Posta kwa watano, ikawa 540. Yeye na mwenzetu wa stoo ni 1,065 kila mmoja, mhasibu ameshuka hadi 1,965, mimi hadi 6,765, na karani, ambaye sasa hapandi mwendokasi tena, analipa 540.